Dodoso la zawadi linavyofungua mlango wa akaunti ya benki

KWA wakulima wengi wa pamba na mpunga wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, fedha ya msimu siku hizi haikai tena chini ya godoro. Hupitia kwenye simu ya mkononi au kwenye akaunti ya benki, na mwenye akaunti hupewa kadi ya kutolea fedha kwenye mashine. Wafanyabiashara wa dagaa na samaki wa upande wa ziwa nao wamo katika mtindo huo. Simu inayopokea malipo ndiyo inayopokea pia ujumbe wa WhatsApp kutoka kundi la kikoba, la kwaya au la ukoo. Katika ujumbe huo mara kwa mara umo mmoja unaosema kampuni fulani kubwa inatimiza miaka kadhaa tangu ianzishwe, inagawa zawadi kwa wateja wake, na kinachotakiwa ni kujibu maswali manne tu.

Mtu akisikia utapeli wa simu, kwanza humjia akilini ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Huo wengi wameshauzoea na wanaufuta bila kufikiri mara mbili. Dodoso la zawadi limejengwa kwa namna nyingine. Hapigi simu mtu yeyote, haombwi mtu fedha mwanzoni, na aliyeleta ujumbe si mgeni bali ni shemeji, mwalimu wa shule au katibu wa kikundi. Ndiyo maana hata mtu makini anaweza kufika mwisho wa mtego huo kabla hajajua kwamba ameingia.

Kuelewa jinsi mtego unavyofanya kazi hatua kwa hatua ni muhimu kuliko kukariri majina ya kampuni zinazotajwa ndani yake, kwa sababu majina hubadilika kila msimu, lakini hatua hazibadiliki.

Viatu vya bure vya mwaka 2018

Mfano uliochunguzwa vizuri ni ule wa viatu vya Adidas wa mwaka 2018. Mwezi Juni mwaka huo, kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET, yenye makao yake Slovakia, ilieleza juu ya ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye WhatsApp ukidai kwamba Adidas inagawa jozi 2,500 za viatu kusherehekea miaka yake 69. Nchi zilizolengwa zilikuwa kadhaa, Kenya na Nigeria zikiwa miongoni mwake.

Aliyebonyeza linki alipelekwa kwenye ukurasa ulioonekana kuwa wa Adidas. Anuani yake ilisomeka kama ya kampuni hiyo, isipokuwa herufi moja ya “i” ilikuwa haina nukta juu yake, imebaki kama mstari mtupu. Kwenye kioo kidogo cha simu, hilo ni jambo ambalo jicho hulipita bila kulisimamisha. Ukurasa ulikagua kwanza kama mgeni anatumia simu na yuko nchi gani, kisha ukamuuliza maswali manne mepesi. Wachunguzi waligundua kwamba majibu hayakuwa na uzito wowote, kwani jibu lolote lilimfikisha mtu hatua ile ile ya kuambiwa kwamba anastahili zawadi. Hapo alitakiwa kuusambaza ujumbe kwa ndugu na marafiki wa WhatsApp.

Baada ya kusambaza, ndipo lilipojitokeza sharti jipya. Viatu havikuwa vya bure kabisa, bali vingepatikana kwa dola moja ya Marekani, na dola hiyo ilipaswa kulipwa kwa kadi ya benki. Aliyejaza kadi yake alikuwa, bila kujua, amejiunga na huduma ya kulipia kila mwezi ambayo baada ya siku chache za majaribio ingemkata karibu dola 50. Masharti hayo yalikuwepo kwenye ukurasa, lakini kwa maandishi madogo ambayo mtu mwenye furaha ya kushinda hayasomi.

Ukihesabu kwa shilingi 2,500 kwa dola moja, dola 50 ni shilingi 125,000 kwa mwezi. Tuseme mkulima analipwa shilingi 1,000 kwa kilo ya pamba. Basi kila mwezi zinaondoka kilo 125 alizolima, akapalilia na kuvuna, kwa sababu ya jozi ya viatu ambayo haikuwahi kuwepo. Kwa mwaka mzima ni shilingi 1,500,000.

Kuna jambo moja zaidi la kujifunza katika kisa hicho. Adidas ilianzishwa mwaka 1949, hivyo hesabu ya miaka 69 mwaka 2018 ilikuwa sahihi. Lakini baadaye ulizunguka ujumbe mwingine wa namna hiyo hiyo ukisema kampuni inasherehekea miaka 93. Mwezi Machi 2021 ukaja ujumbe wa Amazon kutimiza miaka 30, zawadi ikiwa simu ya Huawei, wakati Amazon ilianzishwa mwaka 1994 na ilikuwa haijafikisha hata miaka 27. Watengenezaji hawajali hesabu hizo. Wana ukurasa mmoja ulio tayari, nao hubadilisha jina, nembo na picha ya zawadi kulingana na nchi na msimu.

Kwa nini maswali kwanza

Msomaji anaweza kujiuliza: kama lengo ni kadi, kwa nini tapeli asiombe kadi moja kwa moja? Jibu liko katika kazi tatu ambazo dodoso linafanya.

Kazi ya kwanza ni kumfanya mtu aone kwamba ameitolea jasho zawadi hiyo. Mtu akiombwa kadi ghafla hushtuka. Lakini aliyejibu maswali manne, akaona mstari wa “tunakagua majibu yako” ukijaa taratibu, kisha akaambiwa achague sanduku moja kati ya tisa, tayari ametumia dakika zake na anaona kitu hicho ni haki yake. Sanduku la kwanza huwa tupu. La pili au la tatu hutoa simu au fedha. Hakuna bahati hapo, kwani ukurasa umeandikwa hivyo, na kila anayeufungua hukosa mara ya kwanza na kushinda inayofuata. Chini yake huwekwa maoni ya watu wanaoshukuru kwa kupokea zawadi zao, yakiwa na picha na idadi ya waliopenda. Maoni hayo ni maandishi yaliyobandikwa pale pale. Ukijaribu kulijibu mojawapo au kufungua jina la aliyeandika, hakuna kinachofunguka.

Kazi ya pili ni kueneza. Ukurasa humwambia mshindi atume ujumbe kwa makundi matano au marafiki 20 ndipo zawadi ifunguliwe. Ukweli ni kwamba tovuti haina uwezo wa kuona ndani ya WhatsApp ya mtu kama ametuma au hakutuma. Inachohesabu ni mara ngapi amebonyeza kitufe. Lakini mtu hajui hilo, hivyo anatuma kweli, na kwa kufanya hivyo anautia ujumbe huo muhuri wake wa uaminifu. Tapeli aliye mbali asingeweza kuingia katika kundi la kikoba cha Usagara au Misasi. Mwanakikundi ndiye anayemwingiza.

Kazi ya tatu ni kuchambua watu. Maswali ya umri, jinsia, aina ya simu na mtandao anaotumia mtu yanaonekana hayana madhara. Lakini mwenye ukurasa hulipwa kwa kila mtu anayemfikisha kwa mnunuzi, na wanunuzi hutofautiana. Mwenye kadi ya benki hupelekwa kwenye fomu ya kadi. Asiye nayo hupelekwa kwenye huduma ya kukatwa vocha kila siku, au kwenye programu ya kupakua, au huulizwa jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho.

Biashara hiyo ni kubwa. Desemba 2021 kampuni ya Group-IB, inayochunguza uhalifu wa mtandaoni, ilitoa taarifa kuhusu madodoso ya aina hiyo katika nchi zaidi ya 90, yakitumia majina ya kampuni zaidi ya 120, na ikakadiria kwamba hasara ingeweza kufikia dola milioni 80 kwa mwezi. Taarifa hiyo ilieleza pia kwamba linki anayopewa kila mtu hutengenezwa kwa kufuata nchi yake, lugha yake na simu yake. Jambo hilo linafafanua mkanganyiko ambao watu hukutana nao mara nyingi. Mtu anaonyesha linki kwa kijana wake mwenye kompyuta mjini, kijana anaifungua na kuona ukurasa mtupu au tovuti ya kawaida, kisha anasema hakuna tatizo. Tatizo lipo, ila ukurasa umemtambua kuwa si mlengwa.

Kadi ni mlango wa kutolea

Katika mtiririko wote huo iko sehemu moja ambayo mtu akiielewa vizuri, madodoso yote hukosa nguvu. Nayo ni tofauti kati ya kupokea fedha na kutoa fedha.

Ili mtu atumiwe fedha kwa simu, anayetuma anahitaji namba ya simu peke yake. Ili atumiwe fedha benki, anahitaji namba ya akaunti, jina la akaunti na jina la benki. Hakuna njia ya kawaida ya kumpa mtu zawadi ambayo inahitaji zile tarakimu 16 za mbele ya kadi, tarehe ya mwisho ya matumizi yake na tarakimu tatu za nyuma. Vitu hivyo vitatu kwa pamoja vina kazi moja, nayo ni kuruhusu fedha zitoke. Anayeviomba kwa kisingizio cha kuingiza fedha amekwisha kujieleza yeye ni nani.

Wengi wa vijijini wanaijua kadi kwa kazi ya kwenye mashine tu, ambako lazima mtu aingize namba ya siri. Kwa hiyo huona kwamba maadamu namba ya siri hawajaitaja, fedha ziko salama. Hapo ndipo penye kosa. Kadi nyingi zenye alama ya Visa au Mastercard zinaweza kununua bidhaa kwenye intaneti, na manunuzi ya namna hiyo hayatumii namba ya siri ya kwenye mashine hata kidogo. Yanatumia vile vitu vitatu vilivyoandikwa kwenye kadi yenyewe.

Aidha, kadi ya kawaida ya akaunti ya akiba haikopeshi. Inachota moja kwa moja kutoka fedha iliyomo. Kwa mfanyakazi anayepokea mshahara kila mwezi, hasara inaweza kuwa ya mwezi mmoja. Kwa mkulima ambaye fedha ya mwaka mzima huingia mara moja, ikisubiri ada za shule, mbegu na vibarua wa palizi, akaunti huwa imejaa katika miezi ile ile ambayo ujumbe wa zawadi unamkuta.

Kizuizi kilichobaki ni namba ya uthibitisho ambayo benki humtumia mwenye kadi kwa ujumbe mfupi pale kadi inapotumika mtandaoni. Kizuizi hicho kina maana kikisomwa. Chukua mfano wa mama muuza mchele aliyeambiwa ameshinda simu na alipe ada ya kusafirisha ya shilingi 2,500. Akijaza kadi, benki inamtumia ujumbe wenye namba ya uthibitisho, na mara nyingi ujumbe huo hutaja pia kiasi na jina la anayelipwa. Ukurasa unamwambia aandike namba hiyo “ili kuthibitisha zawadi”. Akiichukua namba tu na kuacha maneno mengine, hataona kwamba ujumbe unataja fedha za kigeni na jina la kampuni ambayo hajawahi kuisikia. Dakika moja ya kuusoma ujumbe wote ingetosha kuusimamisha muamala.

Hata hivyo, kizuizi hicho kina mipaka yake. Si wauzaji wote wa mtandaoni wanaopitia hatua ya uthibitisho. Hilo hutegemea muuzaji na benki. Na kwa malipo ya kila mwezi, uthibitisho mara nyingi huombwa mara ya kwanza tu. Makato yanayofuata huhesabiwa kuwa mwenye kadi ameshayakubali, kwa hiyo hupita bila kumuuliza. Ndiyo sababu tapeli anaridhika na dola moja siku ya kwanza. Anachonunua kwa dola hiyo ni ruhusa ya kurudi.

Asiye na kadi naye ana cha kupoteza

Itasemwa kwamba wakazi wengi wa Misungwi hawana kadi, hivyo suala hili ni la watu wa mjini. Ni kweli kwamba asiye na kadi hawezi kukatwa kwa njia hiyo, lakini fomu aliyoijaza haipotei bure.

Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA imekuwa ndiyo kiungo kati ya mtu na laini yake. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu akiiandika kwenye fomu pamoja na jina na namba ya simu, ametoa wasifu wake karibu wote kwa mstari mmoja.

Ni vizuri kuelewa namba hiyo inaweza na haiwezi kufanya nini, ili hofu isizidi kiasi. Namba ya NIDA peke yake haitoshi kusajili laini kwa jina la mtu, kwa sababu alama ya kidole inahitajika. Wala haitoshi kutoa fedha kwenye simu, kwa sababu namba ya siri inahitajika. Kinachofanywa nayo ni kutengeneza simu ya pili. Baada ya siku au wiki kadhaa, mwenye namba anapigiwa na mtu anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. Anamtaja kwa majina matatu, anamsomea tarehe yake ya kuzaliwa na tarakimu za kitambulisho chake, kisha anasema kuna tatizo kwenye laini na anahitaji namba ya siri ili kulirekebisha. Mtu ambaye angekata simu ya tapeli wa kawaida anaanza kusita, kwa kuwa anajiuliza nani mwingine angejua hayo yote. Aliyejua ni yule aliyeandaa dodoso, au aliyenunua orodha kutoka kwake, na mwenyewe ameshasahau kwamba alilijaza.

Wakulima wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu hapa. Tangu msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku imekuwa ikitolewa kwa wakulima waliosajiliwa, na aliyesajiliwa hutumiwa namba yake kwa ujumbe wa simu. Kwa hiyo mkulima amezoeshwa, na kwa sababu nzuri, kwamba kutoa taarifa zake na kupokea namba kwenye simu huleta faida. Fomu ya kughushi inayotaja mbolea au mbegu itamkuta akiwa tayari ameshaamini. Tofauti iliyopo ni kwamba usajili wa kweli hufanyika kwenye kijiji au mtaa, kupitia ofisi ya mtendaji na ofisa ugani anayemfahamu mkulima na shamba lake, wala hauhitaji mtu ausambaze ujumbe kwa marafiki 20.

Vivyo hivyo, utafiti wa kweli upo na hauna sababu ya kuogopwa. Katika Sensa ya Agosti 2022, karani alifika nyumbani akiwa na kitambulisho, na hakuna swali lililohusu kadi ya benki. Zipo pia kampuni za kura ya maoni kwa simu, kama GeoPoll, ambazo humpa aliyejibu salio dogo la vocha. Salio hilo huingia lenyewe kwenye namba iliyopigiwa. Malipo yake ni madogo kwa sababu majibu ya mtu mmoja yana thamani ndogo. Anayeahidi simu ya shilingi laki nane kwa maswali manne ya ndiyo na hapana hayanunui majibu hayo.

Namna ya kuisoma linki

Zipo alama ambazo watu huzitegemea lakini haziwasaidii. Nembo ya kampuni ni picha, na picha hunakiliwa. Kifuli kidogo kinachoonekana kando ya anuani hueleza tu kwamba mawasiliano kati ya simu na tovuti hiyo yamefungwa yasisomwe na mtu wa kati. Hakielezi mwenye tovuti ni nani, na tapeli hukipata bila malipo kama mwingine yeyote. Kiswahili kibovu kiliwahi kuwa dalili nzuri, lakini siku hizi ujumbe mwingi huandikwa vizuri.

Kinachosaidia ni kuisoma anuani kwa utaratibu. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kutoka hapo kurudi nyuma kuelekea kushoto. Mwenye tovuti hujulikana kwa maneno ya mwisho kabla ya mkwaju huo. Tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania, kwa mfano, ni `www.bot.go.tz`. Sasa angalia anuani hii ya mfano:

```
www.bot.go.tz.zawadi-leo.top/dodoso
```

Macho yaliyozoea kusoma kutoka kushoto huona Benki Kuu na kuridhika. Lakini ukianzia kwenye mkwaju na kurudi nyuma, unakutana na `zawadi-leo.top`. Huyo ndiye mwenye nyumba. Maneno yaliyotangulia ni mapambo aliyoyabandika mlangoni. Anuani zinazoishia na `.go.tz` hutolewa kwa taasisi za serikali tu, hivyo taasisi ya serikali inayokusanya taarifa za wananchi kupitia anuani inayoishia na kitu kingine inapaswa kutiliwa shaka kwanza.

Njia nyepesi zaidi kwa asiyetaka kusoma anuani ni kuiacha linki kabisa na kuuliza kwa mlango mwingine. Kampuni inayogawa zawadi kwa nchi nzima haiwezi kuifanya siri. Mtu apige namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa nyuma ya kadi yake au anayoifahamu tangu zamani, au aulize kwenye tawi au kwa wakala mkuu. Asitumie namba iliyomo ndani ya ujumbe wenyewe.

Sheria ipo, umbali pia upo

Tanzania haikosi sheria katika jambo hili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu udanganyifu kwa njia ya kompyuta na kujifanya mtu mwingine kuwa ni makosa ya jinai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kujisajili na kumweleza mtu sababu ya kuzichukua kabla hajazichukua. Tume inayoisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024.

Tatizo ni kwamba mwenye ukurasa anaweza kuwa nchi moja, seva yake nchi ya pili na anayepokea fedha za kadi nchi ya tatu. Ukurasa wenyewe huishi siku chache, kisha jina la tovuti hubadilishwa. Sheria humfikia kirahisi zaidi aliyeko ndani ya nchi, yaani yule anayetumia orodha ya majina na namba kupiga simu ya pili akitumia laini iliyosajiliwa hapa. Kwa huyo, kutoa taarifa kuna faida ya moja kwa moja. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeweka namba 15040 kwa ajili ya kupokea taarifa za namba za simu zinazotumika kwa utapeli, na namba iliyothibitika hufungwa.

Aliyekwisha kujaza afanye nini

Aliyejaza kadi yake hana muda wa kuona aibu, na hatua anazochukua zinapaswa kulingana na kile alichokitoa. Kubadili namba ya siri ya kadi, ambalo ndilo jambo la kwanza linalowajia wengi, hakusaidii, kwa kuwa manunuzi ya mtandaoni hayaitumii. Kufuta ujumbe au kufunga ukurasa nako hakuondoi kitu. Kinachotakiwa ni kupiga simu benki na kuomba kadi yenyewe ifungwe na itolewe nyingine yenye tarakimu mpya. Baadhi ya benki humruhusu mteja kuzima matumizi ya mtandaoni kupitia programu ya simu, na hilo linaweza kufanyika mara moja wakati kadi mpya ikisubiriwa.

Baada ya hapo aangalie taarifa ya akaunti yake kuanzia siku aliyojaza fomu, akitafuta makato madogo ya fedha za kigeni. Kato dogo la shilingi elfu mbili au tatu ambalo mtu halikumbuki mara nyingi ni la kujaribu kama kadi inafanya kazi, na hufuatiwa na kubwa. Kila kato asilolitambua alilalamikie benki kwa maandishi, akitaja tarehe na kiasi, na abaki na nakala. Upo utaratibu wa benki kudai fedha zirejeshwe kupitia mtandao wa kadi, lakini una ukomo wa muda, na si kila dai hushinda, hasa pale mwenye kadi alipoandika mwenyewe namba ya uthibitisho. Kadiri anavyowahi, ndivyo dai linavyokuwa na nguvu.

Aliyetoa namba ya kitambulisho apige *106# kwenye simu yake na aangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoitambua, aende kwa mtoa huduma wa laini hiyo ikafutwe. Na ajue kwamba simu ya pili inaweza kuja, hata baada ya miezi, ikiwa na taarifa zake zote sahihi. Usahihi wa taarifa hizo usimpe imani na anayepiga, wala asimtajie namba yake ya siri.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Aliyeusambaza ujumbe ili afunguliwe zawadi yake arudi kwenye makundi yale yale aliyoutuma, aseme wazi kwamba ni wa uongo, na aeleze aliombwa nini mwishoni. Kundi liliuamini kwa sababu ulitoka kwake, na kwa sababu hiyo hiyo litamwamini yeye akiukanusha kuliko litakavyoamini tangazo la mamlaka yoyote.